Asilimia 70 Imelipwa, Nembo ni ya Nani? Uchambuzi wa Kisa

## Usuli

Kisa hiki kina watu watatu. Nitawaita Mchoraji, Mteja na Msaidizi. Majina, mahali na aina ya bidhaa nimeviondoa. Mimi niliingia katikati ya safari, Mchoraji aliponiletea makaratasi yake niyasome kabla hajatuma barua kali aliyokuwa ameshaiandika.

Mchoraji ni mbunifu wa kujitegemea, frilansa, na si mgeni katika kazi hiyo. Mteja ni kampuni changa iliyokuwa ikijiandaa kuingiza bidhaa sokoni. Kazi iliyoagizwa ilikuwa nembo moja na michoro 12 ya kupamba vifungashio. Bei ilikuwa moja kwa kazi nzima, na ingelipwa kwa awamu tatu: asilimia 30 siku ya kutia saini, asilimia 40 nembo ikishakubaliwa, na asilimia 30 ya mwisho michoro yote ikishakabidhiwa.

Makubaliano yao yalikuwa ya ukurasa mmoja na nusu. Mchoraji aliyachukua kutoka kazi ya zamani akabadilisha majina na tarehe. Kuhusu hakimiliki palikuwa na sentensi moja tu:

> Hakimiliki ya kazi itahamishiwa kwa Mteja baada ya malipo.

Ukiisoma kwa haraka huoni tatizo. Wote wawili waliisoma kwa haraka.

## Mambo yalivyokwenda

Wiki ya kwanza walitia saini na awamu ya kwanza ikalipwa siku hiyohiyo. Wiki ya tatu Mchoraji alipeleka mapendekezo matatu ya nembo. Mteja akachagua la pili, akaomba lirekebishwe kidogo, na wiki ya tano akalipa asilimia 40. Aliomba apewe nembo mapema "kwa ajili ya tovuti tu". Mchoraji akamtumia si picha ndogo ya tovuti, bali faili zima la chanzo, lile linaloweza kukuzwa hadi ukubwa wa bango bila kuharibika. Ndani ya kabrasha lilelile yalikuwamo pia mapendekezo mawili yaliyokataliwa, kwa sababu hakuyatoa.

Kisha kazi nyingine zikambana. Michoro minane aliichora mwenyewe, na minne akampa kijana aliyewahi kufanya naye kazi, ambaye ndiye Msaidizi. Makubaliano yao yote yalikuwa ujumbe wa simu: nichoree hii minne kwa mtindo uleule, nitakulipa Ijumaa. Ijumaa akamlipa, nao wakaagana vizuri.

Wiki ya tisa michoro yote 12 ilikabidhiwa pamoja na mafaili ya chanzo, ikifuatwa na ankara ya asilimia 30. Mteja akasema miwili inahitaji marekebisho. Ikarekebishwa. Baada ya hapo kimya. Ujumbe wa kukumbusha ukasomwa bila kujibiwa, na barua pepe ikajibiwa kwa ahadi ya "mwisho wa mwezi".

Wiki ya 13 Mchoraji akaiona bidhaa ikiuzwa. Michoro yote ilikuwa kwenye vifungashio, nembo ilikuwa kila mahali, na wafanyakazi wa Mteja walipiga picha wakiwa wamevaa fulana zenye pendekezo la tatu la nembo, lile lililokataliwa. Alipouliza, alijibiwa mambo mawili. La kwanza: tumeshalipa asilimia 70, na mkataba unasema baada ya malipo. La pili: wazo lilikuwa letu na kazi tuliagiza sisi, kwa hiyo ni mali yetu tangu mwanzo.

## Maamuzi, na kwa nini

Barua aliyoniletea ilikuwa ya kwenda kwenye jukwaa la mtandaoni ambako Mteja alikuwa akiuza. Ilitaka picha zote zenye michoro ile ziondolewe. Majukwaa mengi yana fomu ya malalamiko ya namna hiyo, na mara nyingi huondoa kwanza halafu mabishano yafuate. Kwa mtu anayedai fedha, ni rungu linalovutia.

Tulikaa tukaipitia mstari kwa mstari. Fomu ilimtaka athibitishe kwamba yeye ndiye mwenye haki za kila picha anayoilalamikia. Nikamuuliza: minne ya Msaidizi, haki yake ni ya nani? Akanyamaza. Halafu tukaja kwenye nembo. Awamu iliyofungamanishwa na nembo ilikuwa imelipwa kikamilifu, na sentensi yake mwenyewe ilisema "baada ya malipo". Hakuwa na uhakika wa kutosha kuthibitisha kwamba nembo bado ni yake. Chini ya sheria ya Marekani, ambayo majukwaa mengi makubwa huifuata katika utaratibu huu, anayetoa madai ya uongo kwa kujua anaweza kudaiwa fidia kwa hasara aliyoisababisha. Palikuwa pia na sababu ya kibiashara: ukimfungia duka mtu unayemdai, unamfungia na mlango ambao fedha yako ingepitia.

Njia ya pili ilikuwa kudai deni tu na kuachana na hakimiliki. Deni lilikuwa wazi, ankara ilikuwapo, ujumbe wa kuikubali kazi ulikuwapo. Lakini kwa njia hiyo swali la fulana lingebaki hewani.

Alichagua ya tatu. Aliandika barua ya ukurasa mmoja, bila matusi na bila vitisho, yenye mambo manne. Anadai asilimia 30. Akilipwa, atatia saini hati ya kuhamisha hakimiliki ya nembo na michoro. Hadi hapo, anamruhusu Mteja kuendelea kuuza bidhaa zilizokwisha kufungashwa, lakini si kuchapisha vifungashio vipya. Na pendekezo la tatu la nembo halimo kabisa katika mauzo. Likitakiwa, lina bei yake. Akatoa siku 14.

Kipengele cha ruhusa ya muda ndicho alichokipinga zaidi kabla ya kukiandika. Aliona kama anazawadia ubishi. Mimi niliona kinamwondolea Mteja kisingizio cha kusema anaonewa, na kinaweka kwa maandishi kwamba Mchoraji ndiye anayeruhusu. Anayetoa ruhusa ndiye mwenyewe.

## Matokeo

Siku 14 zilipita bila jibu. Kilichomfufua Mteja hakikuwa barua. Mwekezaji mmoja alitaka kununua sehemu ya kampuni, na wakili wake akaomba hati zinazoonyesha kwamba nembo na michoro ya vifungashio ni mali ya kampuni. Stakabadhi za malipo hazikumtosha. Alitaka karatasi yenye saini ya aliyechora. Akauliza pia kama kuna mtu mwingine aliyeshiriki kuchora, na kama herufi zilizomo kwenye nembo zina leseni. Fonti ile ilikuwa na leseni ya jina la Mchoraji peke yake, kwa hiyo kampuni ikalazimika kununua ya kwake.

Simu ya Mteja ikaja siku ileile. Asilimia 30 ikalipwa. Fulana zikasitishwa, na kwa zile zilizokwisha kuvaliwa kikalipwa kiasi kidogo. Msaidizi akatafutwa atie saini, naye, akijua sasa kwamba kuna mwekezaji mlangoni, akataka zaidi ya mara mbili ya alicholipwa mwanzo. Fedha hiyo ilitoka mfukoni mwa Mchoraji. Wiki ya 20 hati zote mbili zilikuwa na saini.

## Uchambuzi

### Hoja ya "tuliagiza sisi"

Nchi nyingi zimefungwa na Mkataba wa Berne, uliotiwa saini mwaka 1886. Chini ya mkataba huo hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi, bila kuandikishwa popote. Kwa kawaida huzaliwa mikononi mwa aliyeitunga. Mwajiriwa ndiye kighairi kinachojulikana sana: anachokichora kazini, sheria nyingi humpa mwajiri. Frilansa si mwajiriwa. Kulipa na kutoa maelekezo hakumgeuzi kuwa mwajiriwa.

Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi inayofanana sana na ubishi huu. Shirika moja lilimwagiza mchongaji sanamu, likampa wazo na maelekezo, na hapakuwa na makubaliano yoyote ya maandishi kuhusu hakimiliki. Mahakama ikasema mchongaji alikuwa mkandarasi huru, si mwajiriwa, hivyo shirika halikuwa mwenye hakimiliki kwa kigezo cha kwamba liliagiza. Kuhusu wazo, hakimiliki hailindi wazo. Inalinda namna wazo lilivyochorwa, lilivyoandikwa au lilivyochongwa. "Tutengenezee nembo yenye jani na tone la maji" ni wazo. Mistari iliyomfanya mtu alitambue lile jani ni kazi ya Mchoraji.

Lakini hapa nisimalize kwa kishindo, kwa sababu sheria hazifanani. Kenya, kwa mfano, kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 kinachukulia kwamba hakimiliki ya kazi iliyoagizwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Ujerumani iko upande wa pili kabisa: hakimiliki yenyewe haiuziki mtu akiwa hai, kinachotolewa ni haki za kuitumia kazi. Mchoraji na Mteja wanaofanya kazi kuvuka mipaka wanaweza kila mmoja kuwa sahihi chini ya sheria ya kwao. Hoja ya Mteja haikuwa ya kipuuzi, basi. Ilitegemea wako wapi, nao mkataba wao haukutaja sheria ya nchi gani itatumika.

### Neno "malipo"

Kosa kubwa la kisa hiki ni la neno moja. "Baada ya malipo" kunaweza kuwa baada ya malipo ya kwanza, baada ya kila malipo kwa sehemu yake, au baada ya malipo yote. Katika kazi inayolipwa mara moja neno hilo halina madhara, na ndiyo maana sentensi ile ilimfaa kwenye kazi ya zamani. Ilipohamishiwa kwenye kazi ya awamu tatu ikapasuka.

Kuna na tatizo la pili ndani ya sentensi ileile, dogo kwa macho. "Itahamishiwa" ni ahadi. Inasema siku moja mtu atafanya tendo la kuhamisha. Hata Mteja angelipa kila senti, mtu angeweza kusema haki bado haijahama mpaka Mchoraji atie saini hati nyingine. Mahakama za Marekani zimeitofautisha kwa uzito mkubwa ahadi ya kuhamisha na kuhamisha kwenyewe. Tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa kiini cha mgogoro wa hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, kati ya Chuo Kikuu cha Stanford na kampuni ya Roche, uliomalizikia Mahakama ya Juu mwaka 2011: mtafiti alikuwa ameahidi kukihamishia chuo haki zake, kisha akasaini karatasi nyingine inayozihamisha papo hapo kwa kampuni ya Cetus, ambayo haki zake baadaye zilinunuliwa na Roche, na karatasi ya pili ikaishinda ya kwanza. Hiyo ilikuwa hataza, si hakimiliki, lakini msomaji wa mikataba hutazama vitenzi kwa jicho lilelile. Kiswahili kinatusaidia hapa: "nahamisha" na "nitahamisha" zinatofautiana mwanzoni tu, na kila mzungumzaji anasikia tofauti yake.

Zaidi ya hayo, sheria ya Marekani na ya Uingereza zote zinataka uhamishaji wa hakimiliki uwe wa maandishi yenye saini ya anayeitoa. Ndiyo maana stakabadhi hazikumtosha wakili wa mwekezaji. Stakabadhi inaonyesha fedha ilitoka, haionyeshi haki iliingia.

### Haki zihame lini?

Kuna nyakati tatu ambazo mikataba huchagua: kazi inapoumbwa, inapokabidhiwa, au inapolipwa yote.

Wateja wakubwa hupenda ya kwanza. Kila mstari unapochorwa unakuwa wao papo hapo. Kwa frilansa maana yake ni kwamba mteja akikataa kulipa, kilichobaki mkononi ni deni tupu. Huwezi kumzuia kuitumia kazi, na kampuni ikifilisika unapanga foleni pamoja na wadai wengine huku nembo yako ikiuzwa kama mali ya mufilisi. Ya pili, wakati wa kukabidhi, ni nafuu kidogo tu, kwa sababu frilansa wengi hukabidhi kwanza na kulipwa baadaye.

Ya tatu ndiyo ninayoipendekeza kwa kawaida, lakini nayo ina jeraha lake, na kisa hiki kinalionyesha. Mteja aliyelipa asilimia 70 na akawa hana haki hata ya nembo aliyokwisha kuilipia ana sababu ya kulalamika. Akishaona hivyo, huanza kutafuta tafsiri nyingine ya maneno. Hapa haki zingeweza kugawanywa kwa kufuata awamu zilizokuwapo tayari. Nembo ihame asilimia 40 inapoingia. Michoro ihame asilimia 30 ya mwisho inapoingia. Wangeandika hivyo, Mteja angekuwa mmiliki halali wa nembo tangu wiki ya tano, na ubishi wa wiki ya 13 ungekuwa wa michoro tu, ambako Mchoraji angesimama imara. Mgawanyo huu unafaa pale vipande vinaposimama peke yake. Kwa programu ya kompyuta, ambayo nusu yake haina faida bila nusu nyingine, singeupendekeza.

Kati ya kukabidhi na kulipwa yote panahitajika daraja, yaani leseni ya muda: mteja anaruhusiwa kuangalia, kujaribu, labda kuonyesha ndani ya ofisi, lakini si kuchapisha na kuuza. Mchoraji aliiandika leseni hiyo wiki ya 14, baada ya ugomvi. Mahali pake palikuwa mkataba wa wiki ya kwanza. Isipoandikwa, mahakama inaweza kusema ilikuwapo bila kuandikwa, kwa sababu kazi iliyoagizwa na kukabidhiwa bila masharti inaashiria ruhusa ya kuitumia kwa lengo lililoagiziwa. Hapo mipaka yake utaijua kwa hakimu.

### Michoro minne ya Msaidizi

Huwezi kuuza usichokuwa nacho. Chini ya kanuni ya kawaida, Msaidizi alikuwa frilansa kwa Mchoraji kama Mchoraji alivyokuwa kwa Mteja. Yote Mchoraji aliyodai dhidi ya Mteja, Msaidizi angeweza kuyadai dhidi yake. Alipokubali kumhamishia Mteja michoro 12, alikuwa akiahidi minne isiyo yake. Ujumbe wa simu ungeweza kuongezwa mstari mmoja wenye jibu la kukubali, au bora zaidi karatasi fupi yenye saini, kabla ya Ijumaa ile. Wakati huo ingegharimu dakika kumi. Ilipofika wiki ya 19 iligharimu sehemu nzuri ya ile asilimia 30 aliyoipigania.

### Yaliyokataliwa, na yaliyokwenda vizuri

Fulana zilitokana na uzembe wa kabrasha, lakini mkataba nao haukufafanua "kazi" ni nini. Je, ni kila kitu kilichochorwa njiani, au kile tu kilichokubaliwa? Kwa mbunifu, pendekezo lililokataliwa ni mtaji. Sehemu zake zitaibuka kwenye kazi nyingine. Mteja asiponunua, libaki kwa aliyelichora, na lisikabidhiwe kama faili la chanzo.

Kilichomwokoa ni tabia mbili. Alihifadhi rasimu zote zenye tarehe, pamoja na michoro ya penseli, hivyo swali la nani alichora nini lilijibiwa kwa nusu saa. Na alitoa ankara tofauti kwa kila awamu, kila moja ikitaja inalipia nini. Kutopeleka malalamiko kwenye jukwaa nako kulisaidia, ingawa nakiri tulibahatika: bila mwekezaji, pengine leo tungekuwa tunazungumzia mahakama ya madai madogo.

Kipengele anachokitumia sasa kinasomeka hivi:

> "Kazi" ni mafaili ya mwisho yaliyotajwa katika Orodha A. Kwa mkataba huu Mchoraji anahamisha kwa Mteja hakimiliki ya kila kipande cha Kazi. Uhamisho wa kipande unaanza wenyewe, bila hati nyingine, siku ankara ya kipande hicho inapolipwa yote na fedha kuingia benki. Kabla ya siku hiyo Mteja anaruhusiwa kukagua kipande tu, si kukichapisha wala kukiuza. Mapendekezo yasiyochaguliwa yanabaki ya Mchoraji.

Baada yake kunafuata sentensi ya sheria ya nchi itakayotumika, na nyingine inayosema kila aliyeshiriki kuchora ameshasaini.

Kitu kimoja alikisahau hata kwenye hati ya wiki ya 20. Alihamisha kila kitu bila kujibakizia ruhusa ya kuonyesha kazi hiyo kama sampuli yake. Alipotaka kuiweka kwenye ukurasa wake ilimbidi amwombe Mteja. Mteja alikubali baada ya siku mbili, kwa nembo na michoro minane. Ile minne hakuiomba.